Mzunguko wa Hedhi: Jinsi Estrojeni na Projesteroni Zinavyopanda na Kushuka

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Siku ya kwanza ni ile ambayo damu inatoka kiasi cha kuhitaji pedi au kitambaa. Matone ya rangi ya kahawia yanayoweza kutangulia jana yake hayaingizwi kwenye hesabu. Kwa mwanamke mtu mzima, mzunguko wa kawaida huwa kati ya siku 21 na 35. Siku 28 zinazotajwa kila mahali ni wastani tu, na wanawake wengi wenye afya njema hawazipati kila mwezi. Mtu anaweza kupata siku 27, kisha 30, kisha 28, na asiwe na tatizo lolote.

Hesabu huanzia kwenye damu kwa sababu damu ndiyo inayoonekana. Lakini kwa upande wa mwili, damu ni matokeo ya jambo lililokwisha kutendeka: homoni mbili, estrojeni na projesteroni, zimeshuka kwa pamoja. Njia rahisi ya kuuelewa mzunguko ni kuzifuata homoni hizo tangu zikiwa chini kabisa, zinapopanda kila moja kwa wakati wake, hadi zinaposhuka tena.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na kiungo kimoja, ikaingia kwenye damu na kwenda kukiamuru kiungo kingine. Katika mzunguko wa hedhi, sehemu tatu hupelekeana amri hizo. Ya kwanza iko kichwani, chini ya ubongo, ambako tezi ya pituitari yenye uzito usiofika gramu 1 hutoa homoni mbili ambazo kwenye karatasi za maabara huandikwa FSH na LH. Ya pili ni ovari, yaani vifuko viwili vya mayai vilivyo kulia na kushoto ndani ya nyonga. Humo ndimo zinamotengenezwa estrojeni na projesteroni. Ya tatu ni mji wa mimba, ambao kwa ndani umefunikwa na utando laini unaokua na kubomoka. Pituitari huziamuru ovari, ovari huuamuru mji wa mimba, na wakati huohuo ovari huipelekea pituitari habari kwa homoni zilezile. Habari hiyo ya kurudi ndiyo inayouendesha mzunguko mzima, na kwa bahati mbaya ndiyo inayoachwa mara nyingi katika maelezo ya darasani.

Mayai yenyewe hayatengenezwi upya kila mwezi. Mtoto wa kike huzaliwa nayo yote, na anapobalehe huwa amebakiwa na laki kadhaa. Kila yai limekaa ndani ya kifuko chake kidogo kinachoitwa folikoli. Ukuta wa folikoli ndio unaotoa homoni, si yai. Na jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu yai likishaondoka, ukuta huo hubaki na kuendelea na kazi nyingine.

Vitabu vingine hutaja awamu mbili za mzunguko, vingine tatu au nne, na anayeanza kusoma hudhani vinapingana. Tofauti hutokana na mahali mwandishi anapotazama. Akitazama ovari, ataona awamu ya folikoli kabla ya yai kutoka na awamu ya luteali baada ya hapo. Akitazama mji wa mimba, ataona siku za damu, kisha siku za utando kujengwa, kisha siku za utando kutayarishwa kupokea mimba. Wengine huhesabu pia kutoka kwa yai kuwa awamu peke yake, ingawa ni tukio la muda mfupi mno. Yote hayo yanaingia katika kalenda moja.

Siku za damu

Siku ya kwanza ya hedhi, estrojeni na projesteroni zote mbili ziko chini. Damu hutoka kwa siku 2 hadi 7, na jumla yake kwa wanawake wengi ni mililita 30 hadi 40, kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya chakula. Huonekana nyingi zaidi ya hapo kwa sababu imechanganyika na ute na vipande vya utando uliobomoka. Ikizidi mililita 80 kwa hedhi moja, hiyo ni damu nyingi kupita kawaida, na ikirudiarudia humaliza madini ya chuma mwilini na kuleta upungufu wa damu. Hakuna anayepima mililita nyumbani, lakini dalili zinajulikana: pedi kulowa kabisa kila saa moja au mbili, mabonge makubwa ya damu, au hedhi inayopita siku 8.

Wako wanaoamini kwamba hii ni damu chafu ambayo mwili unajisafisha nayo. Si kweli. Ni damu ileile inayozunguka mwilini, na utando unaotoka nayo ni utando uliokuwa hai siku chache tu kabla. Imani hiyo ina madhara, kwa kuwa humfanya msichana anayetokwa na damu nyingi kupita kiasi aambiwe kwamba anasafishika vizuri, wakati anachohitaji ni kupimwa damu na kutibiwa.

Damu ikiwa bado inatoka, kazi ya mzunguko mpya imekwisha kuanza kwenye ovari. Pituitari, ikiona homoni za ovari zimepungua, huongeza FSH. Homoni hiyo huliamsha kundi la folikoli, zikaanza kukua kwa pamoja.

Estrojeni inapanda

Folikoli zinazokua hutoa estrojeni. Mwanzoni ni kidogo, na kiasi hicho kidogo huiambia pituitari ipunguze FSH. Matokeo yake ni mashindano. FSH inapopungua, folikoli nyingi za lile kundi hukosa cha kuzikuza, zikanyauka na kufa. Moja, ambayo ilikwisha kuwa na uwezo mkubwa kuliko nyingine wa kuitumia FSH hata ikiwa haba, huendelea. Kwa kawaida mshindi huyo hujulikana baada ya kama wiki moja tangu hedhi ianze, na ndiyo sababu kwa kawaida binadamu huzaa mtoto mmoja kwa mimba moja. Folikoli iliyobaki hukua kwa kiasi cha milimita 2 kwa siku, hadi kufikia upana wa milimita 18 hadi 25. Kwenye picha ya ultrasaundi huonekana wazi kama duara jeusi lililojaa maji.

Kadiri folikoli hiyo inavyokua, estrojeni huongezeka siku hadi siku. Maabara huipima kwa pikogramu katika kila mililita ya damu. Mwanzoni mwa mzunguko huwa chini ya 80. Folikoli inapokaribia kupevuka, hupita 200 na mara nyingi hufika 300 au zaidi. Katika mji wa mimba, estrojeni huufanya utando ujijenge upya. Baada ya hedhi utando huwa na unene wa milimita chache tu, na kufikia katikati ya mzunguko huwa umekaribia milimita 10. Mishipa ya damu na tezi ndogondogo nazo hurefuka pamoja nao.

Mwanamke haoni utando ukikua, ila ishara moja ya estrojeni anaweza kuiona. Ute unaotoka ukeni, ambao siku za mara baada ya hedhi huwa haba, huongezeka, ukawa mwepesi, wa kuteleza, unaovutika kati ya vidole viwili kama ute wa yai bichi la kuku. Ute wa namna hiyo huziwezesha mbegu za mwanamume kupita kwenye mlango wa kizazi na kuishi ndani hadi siku 5.

Amri inapogeuka

Hadi hapa estrojeni imekuwa ikiituliza pituitari. Kisha hutokea jambo la kipekee katika mwili. Estrojeni ikifika juu, zaidi ya pikogramu 200 hivi, na ikikaa hapo kwa muda wa kama siku mbili, maana ya habari yake hugeuka. Badala ya kuizuia pituitari, sasa huichochea. Pituitari hujibu kwa kumwaga LH kwa wingi na kwa ghafla. Takriban saa 36 tangu mmwagiko huo uanze, ukuta wa folikoli hupasuka na yai hutoka.

Mpangilio huu una faida kubwa. LH haitoki kwa kufuata tarehe. Hutoka pale folikoli yenyewe inapothibitisha, kwa wingi wa estrojeni yake, kwamba yai liko tayari. Folikoli ikichelewa kukua, LH nayo huchelewa. Homa kali, kupungua uzito kwa haraka, mazoezi mazito kupita kiasi au msongo mkubwa wa mawazo vinaweza kuichelewesha folikoli kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa. Hivyo hedhi inayochelewa, kwa mwanamke asiye mjamzito, mara nyingi ni yai lililochelewa kutoka majuma mawili nyuma.

Yai likitoka hupokewa na mrija wa uzazi na huishi kwa saa 12 hadi 24 tu. Baadhi ya wanawake husikia maumivu madogo upande mmoja wa tumbo la chini siku hiyo. Wengi hawasikii kitu. Ukijumlisha uhai wa yai na uhai wa mbegu, siku ambazo mimba inaweza kutungwa ni kama 6: siku 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Hizo ndizo zinazoitwa mitaani siku za hatari.

Projesteroni inashika zamu

Folikoli iliyopasuka haipotei. Ukuta wake hujikunja, hujaa mafuta yenye rangi ya manjano, na kugeuka kuwa tezi mpya ya muda iitwayo mwili wa manjano. Tezi hiyo ndiyo chanzo cha projesteroni. Kabla ya yai kutoka, projesteroni ilikuwa karibu na sifuri, chini ya nanogramu 1 au 1.5 katika mililita ya damu. Sasa hupanda kwa kasi, ikafika kilele siku kama 7 baada ya yai kutoka, kwa kawaida kati ya nanogramu 5 na 20. Kipimo kinachopita 3 ni ushahidi kwamba yai lilitoka.

Estrojeni nayo ina mwendo wake katika nusu hii. Hushuka ghafla folikoli inapopasuka, kisha mwili wa manjano huipandisha tena, ingawa haifiki kilele cha mwanzo. Kwa hiyo mchoro wa estrojeni una vilima viwili, kirefu kabla ya yai kutoka na kifupi baada yake, na mchoro wa projesteroni una kilima kimoja tu, katika nusu ya pili. Anayeikumbuka michoro hiyo miwili amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya somo.

Kazi ya projesteroni ni tofauti kabisa na ya estrojeni. Haiuongezi sana unene wa utando. Huusimamisha usiendelee kukua ovyo na kuubadilisha hali. Tezi za utando huanza kutoa majimaji yenye sukari na virutubisho vingine, mishipa ya damu hujisokota, na utando hulainika kiasi cha kuweza kulipokea yai lililorutubishwa. Ute wa mlango wa kizazi huwa mzito na wa kunata, ukafunga njia. Joto la mwili huongezeka kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi na kubaki hapo hadi karibu na hedhi. Mwanamke anayejipima kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kwa kipimajoto kinachoonyesha sehemu za kumi au za mia za nyuzi, anaweza kuliona ongezeko hilo. Ila ajue kwamba joto hupanda baada ya yai kutoka, kwa hiyo linathibitisha yaliyopita na halitabiri yajayo. Malaria, mafua au usiku wa kukosa usingizi vinaweza kulivuruga.

Matiti kujaa na kuuma, tumbo kujaa gesi, choo kuwa kigumu na uchovu wa wiki ya mwisho vinahusiana na nusu hii ya pili. Kwa wengine hali ya moyo hubadilika pia, na si kwa kuwa wana homoni nyingi kuliko wenzao. Vipimo vyao mara nyingi ni sawa na vya wengine. Ubongo wao ndio unaoyahisi zaidi mabadiliko ya homoni hizo. Mtu anayeingia katika huzuni nzito kila mwezi katika siku hizo na kupata nafuu damu ikianza ana hali inayotibika, na hapaswi kuambiwa avumilie.

Homoni zinaposhuka

Mwili wa manjano una umri uliopangwa. Bila ujauzito, huanza kuchoka baada ya siku kama 10 na hufa kwa wastani siku ya 14, pengine siku mbili tatu kabla au baada. Daktari Kyusaku Ogino wa Niigata, Japani, ndiye aliyelionyesha hilo mapema: mwaka 1924 alichapisha utafiti uliolinganisha hali ya ovari alizoziona wakati wa upasuaji na tarehe za hedhi za wagonjwa wake, akaona kwamba yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakihesabu kuanzia hedhi iliyopita na kupata majibu yasiyokubaliana. Ogino aliigeuza hesabu irudi nyuma, na majibu yakaanza kulingana. Nusu ya kwanza ya mzunguko ndiyo inayorefuka na kufupika. Nusu ya pili haibadiliki sana.

Mwili wa manjano unapokufa, projesteroni na estrojeni hushuka kwa pamoja, na utando uliokuwa ukizitegemea hukosa mhimili. Yanayofuata yaliwahi kuonekana kwa macho. Mwaka 1940 mtafiti wa Kimarekani John Markee alieleza jinsi alivyopandikiza vipande vidogo vya utando wa mji wa mimba ndani ya jicho la nyani wa maabara, mbele ya mboni, mahali ambapo angeweza kuvitazama kwa darubini kupitia sehemu ya jicho inayopitisha mwanga. Homoni zilipopungua, aliona utando ukinywea, mishipa iliyojisokota ikizidi kujikunja, na damu ndani yake ikienda polepole. Kisha mishipa ilijibana kwa nguvu na kipande cha utando kikakosa damu kwa saa kadhaa. Mishipa ilipolegea tena, kuta zake zilizokwisha dhoofika zilivuja, na damu ikatoka kidogo hapa na kidogo pale, kipande kimoja kwa wakati wake. Hivyo ndivyo hedhi inavyoanza.

Kushuka kwa projesteroni pia huufanya utando utoe kemikali zinazoitwa prostaglandini, ambazo huukaza msuli wa mji wa mimba. Huko ndiko yanakotoka maumivu ya tumbo na kiuno ya siku za mwanzo, na ndiyo sababu dawa kama ibuprofeni, inayozuia prostaglandini kutengenezwa, hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa maumivu yanapoanza kuliko yakishakolea. Maumivu yanayomlaza mtu kitandani kila mwezi na kumkosesha shule au kazi yanahitaji uchunguzi.

Yai likirutubishwa na kujipandikiza, mambo huenda kwa njia nyingine. Kiini cha mimba hutoa homoni iitwayo hCG, ambayo huuokoa mwili wa manjano usife. Projesteroni hubaki juu, utando haubomoki, na hedhi haiji. Kipimo cha mimba cha mkojo hutafuta hiyo hCG.

Mizunguko miwili ya mtu mmoja

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi maarifa haya yanavyotumika. Mwanamke wa miaka 29 anaanza hedhi tarehe 3 Machi. Hedhi inayofuata inaanza tarehe 31 Machi, kwa hiyo mzunguko wa kwanza ulikuwa wa siku 28. Ukiondoa siku 14 za mwili wa manjano, yai lake lilitoka karibu na siku ya 14, yaani tarehe 16 Machi. Wiki moja baadaye, tarehe 23 Machi, ambayo ni siku ya 21, projesteroni yake ilikuwa kileleni.

Mwezi wa Aprili anaugua, anapungua uzito, na hedhi inachelewa hadi tarehe 5 Mei. Mzunguko huu ni wa siku 35. Kwa hesabu ileile, siku 35 kuondoa 14, yai lilitoka siku ya 21, tarehe 20 Aprili. Ute wa kuvutika, ambao Machi aliuona katikati ya mwezi, safari hii aliuona karibu tarehe 18 na 19 Aprili. Nusu ya kwanza ilirefuka kwa wiki nzima. Nusu ya pili ilibaki palepale.

Sasa ikiwa mwanamke huyu anatafuta mtoto na ameandikiwa kipimo cha projesteroni cha siku ya 21, kama inavyofanyika katika hospitali nyingi, atapimwa tarehe 20 Aprili, siku ileile yai linapotoka. Jibu litakuwa dogo, pengine nanogramu 1, na anaweza kuambiwa kwamba hatoi mayai. Angepimwa tarehe 27 Aprili, siku ya 28 ya mzunguko huo, angepata jibu la nanogramu 10 au zaidi. Kosa haliko maabara. Kipimo hicho kilipangwa kwa mzunguko wa siku 28, na maana yake halisi ni siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mizunguko mirefu anapaswa kumwambia daktari tarehe zake tatu au nne za mwisho kabla ya kutolewa damu, na kipimo kikirudi kidogo kirudiwe baada ya wiki.

Mfano huohuo unaonyesha udhaifu wa kuitegemea kalenda kuzuia mimba. Kwa kuangalia Machi, mwanamke huyu angehesabu kwamba kufikia tarehe 15 Aprili siku za hatari zimekwisha. Kwa kweli zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza.

Estrojeni bila projesteroni

Kuna mizunguko ambayo yai halitoki kabisa. Folikoli hukua, estrojeni hupanda, lakini haifiki kile kiwango cha kuigeuza amri ya pituitari, au pituitari haijakomaa kuitikia. Bila yai kutoka hakuna mwili wa manjano, na bila huo hakuna projesteroni. Utando unajengwa tu, hakuna wa kuusimamisha. Mwishowe unakuwa mzito kuliko damu inayoulisha, ukaanza kubomoka vipandevipande bila mpango, na damu ikatoka kwa siku nyingi, pengine baada ya miezi miwili au mitatu ya kutoonekana kitu.

Hali hii ni ya kawaida kwa wasichana katika miaka miwili mitatu ya mwanzo baada ya kuvunja ungo. Mizunguko yao inaweza kufika siku 45 na isiwe ugonjwa. Hutokea tena kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi. Katikati ya nyakati hizo mbili, kama inaendelea, kuna sababu ya kutafutwa: tezi ya thairodi isiyofanya kazi sawasawa, homoni ya maziwa ya prolaktini iliyozidi, uzito mdogo sana au mkubwa sana, au hali ya ovari zenye folikoli nyingi ndogo zisizopevuka, ambayo mara nyingi huja pamoja na chunusi na ndevu. Ishara ya wazi ni hedhi isiyotabirika, inayokuja baada ya siku 40, kisha 70, kisha 25, na ambayo haitanguliwi na matiti kuuma wala joto kupanda. Mwanamke asiye mjamzito wala asiyenyonyesha wala asiyetumia njia ya uzazi wa mpango ya homoni, akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, anapaswa kuchunguzwa. Tiba mara nyingi ni kumrudishia kile kilichokosekana, yaani dawa ya aina ya projesteroni kwa siku 10 hadi 14; akiiacha, kiwango kinashuka na damu inatoka kwa mpangilio.

Wanaotumia sindano, vijiti au vidonge vya uzazi wa mpango hawamo katika hesabu zote zilizotangulia. Dawa hizo huweka homoni ya aina ya projesteroni mwilini muda wote, pengine pamoja na estrojeni, na kuvuruga ule mwenendo wa kupanda na kushuka. Damu inayotoka katika wiki ya vidonge visivyo na dawa hutokana na homoni ya kidonge kushuka. Hakuna yai lililotoka kabla yake.

Kufikia umri wa karibu miaka 50, folikoli zinazoweza kuitikia FSH hubaki chache. Pituitari huongeza FSH bila kupata jibu la kutosha, estrojeni hupanda na kushuka bila utaratibu, kisha hubaki chini, na projesteroni hukoma kutengenezwa na ovari. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya kukaa miezi 12 mfululizo bila damu. Baada ya hapo hakuna tena mzunguko unaoweza kuleta damu, na hata tone moja likionekana linapaswa kuchunguzwa hospitalini, kwa sababu linaweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi.